Simu Hiyo Itakuwa ya Nani?

Vijana wa kampuni moja ya tiba kwa simu walikuja Kigoma hivi karibuni, wakakodi ukumbi mjini, wakatumia asubuhi nzima kutuonyesha ukutani namna mgonjwa wa Kalya au Buhingu atakavyozungumza na daktari aliyeko Dar es Salaam bila kupanda boti. Wasilisho lilikuwa zuri. Maswali yaliyofuata yalikuwa mazuri zaidi, ingawa hayakupokelewa hivyo. Bibi mmoja alisimama akauliza, "Wanangu, hiyo simu itakuwa ya nani?" Mwendesha bodaboda wa Ujiji akataka kujua daktari akikosea atampata wapi. Muuguzi mkunga aliyekaa nyuma karibu na mlango akauliza daktari atalibonyezaje tumbo. Ukumbi ulilicheka swali hilo la mwisho, mtoa mada naye akacheka, akasema teknolojia inakua. Tangu siku hiyo, kila ninapolisikia jambo hili likizungumzwa, hukumu ni ileile: watu wa huku bado wanaogopa mambo mapya, waelimishwe.

Mimi nasema hawakuogopa kitu. Hawakueleweka tu. Nilikuwa tabibu wa zahanati kwa miaka 11 pembezoni mwa ziwa kabla sijashika kalamu, na nilichosikia siku ile ni swali moja lililoulizwa na watu watatu. Wenye kampuni waliligawa: la mtandao wakampa fundi, la siri wakampa mwanasheria, la ugonjwa wakampa daktari wao. Kila mmoja alijibu kipande chake, na swali likabaki palepale. Kwenye simu daktari hana mikono, ana masikio. Anachokisikia kinategemea mgonjwa amethubutu kusema nini, na mgonjwa huthubutu kwa kuangalia nani amekaa karibu yake na simu ni ya nani. Kwa hiyo swali la bibi kuhusu mwenye simu ni swali la utambuzi wa ugonjwa, sawa kabisa na lile la tumbo. Na ukilifuata mpaka linakoelekea, linakufikisha mahali ambapo kampuni haitapapenda: kwa mkoa kama huu, simu ya kwanza kwenda kwa daktari wa mbali inatakiwa ipigwe kutoka zahanati, tabibu au muuguzi akiwa pembeni ya mgonjwa. Sebuleni baadaye.

Anayeishi mbali na Kigoma inafaa aelewe kwanza kwa nini huduma hii inatamanika. Ngazi ya tiba inaanzia zahanati ya kijiji, inapanda kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha Maweni ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na kutoka hapo ni Bugando ya Mwanza au Muhimbili. Kwenye karatasi ngazi hizo zimepangana vizuri. Lakini kusini mwa wilaya ya Uvinza, chini ya milima ya Mahale, kuna vijiji ambavyo barabara yake ni ziwa lenyewe, na boti haliondoki kwa kufuata ratiba ya ugonjwa. Linasubiri abiria, linasubiri mafuta, na ziwa likichafuka linasubiri Mungu. Zahanati nyingi za namna hiyo zinaendeshwa na tabibu mmoja au tabibu msaidizi na muuguzi mmoja au wawili, bila daktari. Anayesema watu hawa hawahitaji sauti ya daktari hajawahi kukesha na mgonjwa ufukweni akingoja upepo utulie.

Wanaopinga huduma hii wana hoja yao kubwa, kwamba mtandao haupo. Hoja hii naiona dhaifu, na inanishangaza kwamba ndiyo inayotajwa sana. Imezaliwa na dhana kwamba tiba ya mbali ni video, kwa sababu wasilisho lilikuwa limejaa sura za madaktari wakitabasamu kwenye vioo vya simu. Simu ya sauti hupita kwenye mtandao wa 2G, kwenye kitochi, bila bando. Na kwa magonjwa mengi yanayoua huku, sauti inatosha, mradi anayeongea upande wa pili anajua anachokipima. Mfano mzuri ni mtoto mwenye kikohozi na homa. Nimonia kwa mtoto tunaitambua hasa kwa kuhesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 kwa dakika anahesabiwa anapumua haraka. Wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, kiwango ni 40. Sasa chukua mtoto wa miezi 8 anayepumua mara 52, na daktari anayemhesabu kwa video iliyoganda kwa jumla ya sekunde 6 tu ndani ya dakika hiyo. Ataona pumzi 47, ataandika kawaida, na mtoto atarudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi. Muuguzi mwenye saa ya mshale, aliyemvua mtoto shati na kumwangalia kifua, akisema kwa kitochi "hamsini na mbili, na mbavu zinazama," amempa daktari habari bora kuliko kamera yoyote. Kwa hiyo suala la kufikiwa na huduma haliishii kwenye mnara. Lazima uulize mnara unamuunganisha daktari na nani.

Watetezi wa huduma nao wana hoja yao nzito, na mtoa mada aliitumia vizuri. Mwaka 1975 madaktari wa Uingereza walichapisha utafiti mdogo wa wagonjwa 80 waliofika kliniki kwa mara ya kwanza. Kwa wagonjwa 66, ugonjwa uliokuja kuthibitishwa baadaye ulikuwa umeshajulikana kutokana na barua ya rufaa na maelezo ya mgonjwa mwenyewe, kabla ya kuguswa na kabla ya maabara. Uchunguzi wa mwili ulibadilisha jibu kwa wagonjwa 7, vipimo vya maabara kwa 7. Kila mwanafunzi wa tiba hufundishwa jambo hili kwa namna moja au nyingine: msikilize mgonjwa, anakuambia anaumwa nini. Na kama maelezo yanatosha kwa wagonjwa wengi kiasi hicho, akasema mtoa mada, basi simu inatosha kwa wengi kiasi hicho.

Hapo ndipo hoja inapoteleza. Wagonjwa wale 80 walikuja na barua za madaktari wao, yaani mtu mwenye mikono alikuwa ameshawaona. Waliongea ndani ya chumba cha daktari, mlango umefungwa. Hawakuwa watu walioanza kuumwa usiku ule. Walikuwa wagonjwa wa kliniki waliopewa siku. Utafiti unaonyesha nguvu ya maelezo yanayotolewa kwa uhuru. Ukiuchukua ukaupeleka kwenye mkeka uliozungukwa na ndugu watano na simu iliyowekwa spika, umebeba tarakimu na kuacha chumba. Na chumba ndicho kilichozizaa zile tarakimu.

Nitaeleza kwa mgonjwa mmoja. Nimemtunga, lakini kila kipande chake nimewahi kukiona. Ni mama wa miaka 26, ana watoto watatu, anaishi kijiji cha ufukweni. Tangu jana jioni tumbo linamuuma chini, zaidi upande wa kulia. Leo asubuhi alipotoka chooni alihisi kizunguzungu. Mume wake ni mvuvi, ana simu janja na ndiye aliyeweka bando. Anaipigia huduma, anajieleza kwa daktari, kisha anaweka spika na kuishika simu karibu na mdomo wa mke wake. Mama mkwe yupo. Daktari ni kijana makini, anauliza maswali yote yanayotakiwa. Lini mara ya mwisho uliona siku zako? Mama anajibu, "Juzi tu, na bado zinatoka kidogo." Unatumia njia yoyote ya uzazi wa mpango? "Hapana." Umewahi kutibiwa magonjwa ya zinaa? "Hapana." Mkojo unakuunguza? "Kidogo." Kwa majibu hayo mimba imeondoka kichwani mwa daktari, na kinachobaki ni kile ambacho mtaani tunakiita yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo. Anaandika dawa ya kuua bakteria na ya maumivu. Duka la dawa lipo. Simu imechukua dakika 9 na mume anashukuru.

Sasa msikilize mama yuleyule akiwa peke yake na mkunga. Anachomwa sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu bila mume kujua, na safari iliyopita alichelewa wiki kadhaa kwa sababu alishindwa kuaga nyumbani. Kwa kuwa sindano ilishavuruga siku zake, hajui hasa lini alipata hedhi ya kweli. Ile damu ya juzi ilikuwa matone, nyeusi nyeusi, si kama anavyozoea. Mwaka juzi aliwahi kupewa dawa za usaha uliotoka ukeni na hakumaliza. Na kuna jambo lingine ambalo hakuulizwa wala hakudhani lina uhusiano: akilala chali anaumwa kwenye ncha ya bega. Mkunga yeyote akisikia hayo anasimama. Maambukizi ya zamani huacha makovu kwenye mirija ya uzazi. Yai lililorutubishwa hukwama njiani, na mimba hutunga ndani ya mrija badala ya kwenye mfuko wa uzazi. Kwa kawaida huanza kujionyesha wiki ya 6 hadi ya 8 tangu hedhi ya mwisho. Mrija unapopasuka damu humwagikia tumboni, ikapanda mpaka chini ya kiwambo cha mapafu, na neva za pale hupeleka maumivu begani. Watu hushangaa bega lina kazi gani na tumbo. Ndiyo kazi yake.

Angalia kilichomponza daktari wa simu. Mtandao ulikuwa mzuri, elimu yake nzuri, maswali yake sahihi kitabuni. Alikosea kwa sababu maswali matatu kati ya yale aliyouliza hayakuwa na jibu la kweli mbele ya mume na mama mkwe, na hakuwa na njia ya kuwaona wale aliokuwa anaongea mbele yao. Mume hakufanya ubaya wowote. Alikuwa mume mwema aliyetumia bando lake kumtafutia mkewe daktari. Na mama hakudanganya kwa ujinga. Alipima hatari mbili, ya tumbo na ya nyumba, akachagua ile aliyodhani ni ndogo. Siri ilipovunjika, utambuzi wa ugonjwa ulivunjika nao, kwa sababu kilikuwa kitu kimoja tangu mwanzo.

Kuna na upande wa mikono, ambao muuguzi aliuliza na watu wakacheka. Zahanati ina vitu vitatu ambavyo mkeka wa nyumbani hauna. Cha kwanza ni kipimo cha mimba cha mkojo, kile cha kijiti, kinachotoa jibu kwa dakika 5 hivi, na ambacho mimba ya nje ya mfuko ikishaanza kuleta maumivu karibu kila mara huonyesha mistari miwili. Cha pili ni kiganja. Tumbo lenye damu ndani huweza kukakamaa, na mgonjwa akashtuka zaidi unapoondoa mkono kuliko unapobonyeza. Cha tatu ni saa na mashine ya presha, na hapa pana mtego ambao hata sisi matabibu huuangukia. Mwanamke kijana mwenye afya akivuja damu, mwili wake hubana mishipa na moyo hukimbia ili presha isishuke. Anaweza kupoteza kati ya asilimia 15 na 30 ya damu yake huku presha ikisoma karibu na kawaida na mapigo ya moyo ndiyo yanayopanda. Presha ikianza kuanguka, muda umeshaisha. Kwa hiyo "presha yake ni mia na kumi kwa sabini" haimaanishi yuko salama. Lazima iende na mapigo, na mapigo yahesabiwe tena baada ya robo saa, kisha tena. Mtu anayefuatilia namba zinazobadilika namna hiyo lazima awe karibu na mgonjwa, hawezi kuwa mtu wa dakika 9 za simu na basi.

Mwanasheria wa kampuni alipoulizwa kuhusu siri, alitoa jibu ambalo nalihesabu kuwa dhaifu kuliko yote niliyoyasikia siku ile, japo lilipigiwa makofi. Alisema mazungumzo yamesimbwa, hakuna anayeweza kuyadaka njiani, na kampuni inafuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo ni nzuri. Inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti na imeunda Tume ya kusimamia. Lakini mwizi wa siri tunayemhofia hakai njiani kati ya Kalya na Dar es Salaam. Anakaa mkekani. Usimbaji unalinda maneno yakiwa angani na kuyaacha uchi mara yanapotua kwenye simu, na simu ni ya familia. Baada ya mazungumzo, mfumo wao hutuma ujumbe mfupi wenye jina la ugonjwa na dawa kwenda kwenye namba iliyopiga. Nani mwenye namba hiyo? Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo kwa mujibu wa kumbukumbu mwenye laini ni mume, mgonjwa ni mke, na mfumo unawaona kama mtu mmoja. Hata ujumbe usipofunguliwa, maneno yake ya kwanza hujitokeza kwenye kioo kilichofungwa. Nimewahi kushuhudia jambo linalofanana, wala halikuhusu kampuni hii: ujumbe wa kumkumbusha dada mmoja tarehe ya kliniki ulifika kwenye simu ya kaka yake, na ndani yake ilitajwa kliniki yenyewe. Hakuna aliyedukua chochote. Mfumo ulifanya kazi kama ulivyoundwa.

Nisionekane kana kwamba nasema zahanati ni kaburi la siri. Hoja inayonipa shida kweli inatoka upande huo. Muuguzi wa zahanati ya kijiji ni jirani, ni mshirika wa kwaya, pengine ni shangazi wa mchumba wako. Kijana wa miaka 19 mwenye kidonda sehemu za siri hatakaa kwenye benchi ambalo kila anayepita kwenda kisimani anamsalimia kwa jina. Ataacha kidonda, au atapanda boti kwenda kutibiwa Ujiji ambako hajulikani. Kwa kijana huyo, mwenye simu yake mwenyewe na mti wa kukaa chini yake, daktari wa Dar es Salaam asiyemjua ni siri kubwa kuliko sisi sote. Hii ni faida halisi na kampuni ingeisema zaidi kuliko ilivyosema. Inathibitisha hoja yangu badala ya kuivunja: simu ileile inalinda siri ikiwa mkononi mwa kijana na inaivunja ikiwa mkononi mwa mume wa mtu. Huwezi kuuliza kama tiba ya simu ina siri au haina, kama vile ni sifa ya mashine. Lazima uulize kwa kila simu inayopigwa.

Hoja ya mwisho ya watetezi ni ile inayosemwa kwa upole: kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Inavutia, na kwa baadhi ya wagonjwa ni kweli. Mzee mwenye presha au kisukari kinachojulikana, anayetaka tu kuuliza kama aendelee na dozi baada ya miguu kuvimba, simu inamfaa sana. Picha ya eksirei iliyopigwa vizuri inasomeka Muhimbili kama inavyosomeka Maweni, kwa sababu picha ni picha. Lakini kwa maumivu mapya ya tumbo, kwa homa ya mtoto, kwa kifua kinachobana, kijiji hakikuwa na "kukosa kabisa." Kilikuwa na zahanati, na wasiwasi wa mume ungempeleka mkewe pale. Simu ya sebuleni inapotoa jibu la kutuliza, inaondoa wasiwasi huo. Mume anarudi ziwani. Kwingine kosa la namna hiyo linagharimu saa chache. Huku linagharimu boti la leo, na la kesho halina uhakika. Kwa hiyo kidogo hicho kinaweza kuwa pungufu ya kukosa. Hata dalili zinamsaidia mgonjwa adanganyike: diklofenaki hupunguza maumivu kidogo, na mrija ukishapasuka wapo wanaosikia nafuu ya muda, kwa sababu ule mvutano wa mrija umekwisha. Kila mtu nyumbani husema dawa imefanya kazi.

Tuchukue mgonjwa yuleyule, safari hii simu ikipigwa kutoka zahanati. Mume amemleta. Mkunga anamwambia, "Shemeji, tusubirie hapo nje kidogo," maneno ambayo kila mume anayaelewa na hakuna anayeyachukulia kama tusi. Anasikiliza habari ya sindano na ya matone. Anachukua mkojo, mistari miwili. Anaweka mkono, tumbo limekaza. Mapigo 112, presha 110 kwa 70. Kisha anampigia daktari kwa kitochi cha zahanati na kusema mambo manne kwa mpangilio: nani na ana nini, historia yake kwa ufupi, nimepima nini na kupata nini, ninadhani ni nini na naomba nini. Daktari hahitaji video. Anasema mwekeeni njia ya mishipa, anzeni maji, msimpe chakula wala kinywaji, asafirishwe sasa kwenda penye chumba cha upasuaji na damu. Hapo ile mistari miwili inafanya kazi ya pili. Mgonjwa wa "tumbo" ni mgonjwa wa tumbo, lakini mjamzito mwenye dharura anahudumiwa na mfumo wa m-mama, unaopigiwa namba 115 bila malipo ili kutafuta chombo cha kumsafirisha. Kijiti kimebadilisha namba anayostahili kupiga. Naona huduma ya 115 ina somo kwa wenye wasilisho, kwa kuwa ni simu iliyoundwa kwa kujua mipaka ya simu: haijaribu kutibu, inausogeza mwili wa mgonjwa kwenda kwenye mikono.

Mpango huu una gharama na sitazificha. Tabibu aliye peke yake akitumia dakika 20 kwenye simu, benchi la nje linajaa. Daktari wa mjini asipopokea kwa saa zilizopangwa, mkunga ataacha kupiga baada ya mara ya tatu, nawajua wakunga. Kuna pia lugha. Bibi zetu wengi huongea Kiha kwa ufasaha na Kiswahili cha kusalimiana, na daktari wa pwani atahitaji mkalimani. Akiwa mkalimani huyo ni mjukuu, tumerudi mkekani. Na kampuni inaingiza fedha kwa idadi ya simu zinazopigwa na wagonjwa, kwa hiyo kuhamishia simu zahanati kunabadilisha nani analipa. Hilo ndilo naamini litakuwa gumu kuliko mnara.

Swali la mwendesha bodaboda nalo lina jibu, ingawa siku ile alipewa namba ya huduma kwa wateja. Daktari anayetibu Tanzania Bara anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mgonjwa ana haki ya kujua jina kamili la anayemtibu. Daktari wa simu alitaje mwanzoni mwa mazungumzo na libaki kwenye kumbukumbu. Ningeongeza jambo moja ambalo halihitaji sheria mpya: aandike asichokifanya. "Tumbo halikupimwa. Mapigo hayakuhesabiwa. Mgonjwa hakuwa peke yake." Daktari anayelazimika kuandika mistari hiyo mitatu kabla ya kuandika yutiai atasita, na kusita kwake kunaweza kutosha kumfanya aseme, "Mpeleke zahanati kwanza, kisha mnipigie kutoka huko."

Baada ya watu kutawanyika niliomba kuiona fomu ambayo daktari huijaza wakati wa mazungumzo. Kijana mmoja, fundi wao wa programu, alinifungulia kwenye kompyuta yake. Ilikuwa na nafasi ya jina, umri, barua pepe, dini, aina ya simu, hata njia ya malipo. Nikamuuliza ni wapi daktari anaandika nani mwingine yupo chumbani, na kama spika imewashwa. Alishusha fomu mpaka chini, akaipandisha tena mpaka juu. "Mzee, hiyo hatukuiweka," akasema. Akatafuta karatasi, akakosa, akaiandika nyuma ya ratiba ya semina: *nani yupo, spika, simu ya nani*. Yule bibi alikuwa bado mlangoni akingoja mvua ikatike.